Kibonzo kikitulia si lazima kiwe kimekufa

Muhula uliopita walinijia ofisini wanafunzi wawili wa ualimu, mmoja wao akiwa amekumbatia bahasha kubwa ya kaki iliyovimba kwa karatasi. Walikuwa wamepewa kazi ya mwisho wa muhula ya kutengeneza filamu fupi ya vibonzo, ya dakika moja na nusu, ambayo ingetumiwa kuwazoeza watoto wa gredi ya pili kusikiliza swali na kulijibu. Muda wao ulikuwa majuma 12. Manne yalikuwa yamekwisha, na katika bahasha ile mlikuwamo michoro 216, yaani sekunde tisa za filamu. Msomaji anayejua kujumlisha na kugawanya ataona mara moja kwamba kwa mwendo ule wangehitaji majuma 40.

Hawakuja kuniomba msaada wa uchoraji. Walikuja kwa sababu mimi hufundisha fonetiki. "Daktari," alisema yule mwenye bahasha, "tunaomba utuonyeshe mdomo hukaaje mtu anaposema. Tumemchora Bibi akisema mara hamsini na bado mdomo wake haulingani na sauti." Nikaziangalia karatasi zile moja baada ya nyingine. Bibi alikuwa amechorwa vizuri kweli, na leso yake, na kikapu chake. Lakini alikuwa amechorwa mzima mzima katika kila karatasi, toka utosini hadi nyayoni, hata mahali ambapo hakuna kilichosogea ila mdomo. Nikawaambia kwamba la mdomo tutalifikia, ila kwanza tuzungumze juu ya yale ambayo hawakuhitaji kuyachora.

Hapana budi nikiri kwamba ujuzi wangu wa jambo hili haukutoka darasani. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamifu nilifanya kibarua katika karakana moja ndogo ya vibonzo. Kazi yangu ilikuwa kusikiliza sauti za waigizaji na kuandika, katika jedwali lenye mstari mmoja kwa kila fremu, ni sauti ipi inatamkwa katika fremu ipi. Humo ndimo nilimojifunza kwamba wachoraji hodari hawachori kila kitu, na kwamba kuacha kuchora ni ujuzi unaojitegemea.

Filamu hupitisha fremu 24 kwa sekunde (televisheni yetu hupitisha 25, lakini tofauti hiyo haitatusumbua hapa). Wanafunzi wangu walidhani kila fremu yadai mchoro wake. Sivyo, na haijawa hivyo hata katika filamu za gharama kubwa za Walt Disney, ambamo aghalabu mchoro mmoja hupigwa picha mara mbili mfululizo, ikawa michoro 12 kwa sekunde, isipokuwa pale panapokuwa na mwendo wa kasi. Jicho halilalamiki. Hapo hapo nusu ya kazi imeokolewa. Lakini hata kwa kiwango hicho, dakika moja na nusu ingewadai michoro 1,080, na majuma yaliyosalia yasingetosha.

Ndipo zinapoingia mbinu mbili ninazotaka kuzizungumzia leo. Ya kwanza nitaiita tuo: mhusika anafika katika kaimu fulani, kisha mchoro ule ule unaachwa ukae kwa fremu 20, 40 au zaidi. Ya pili ni mzunguko: michoro michache inayofuatana, ambayo ya mwisho yake humrudisha mtazamaji kwa ya kwanza bila mshono kuonekana, ili mwendo uendelee kwa muda wowote utakao. Mwenye kutembea, bendera inayopepea, moshi wa jikoni: hayo yote yanajirudia katika maisha, na hivyo si udanganyifu yakijirudia kwenye filamu.

Kuna wanaosema kwamba mbinu hizi ni za wavivu, na lawama hiyo ina historia. William Hanna na Joseph Barbera walikuwa wametengeneza Tom na Jerry tangu mwaka 1940 katika kampuni ya MGM, kazi iliyojaa mwendo kila sekunde na iliyowapatia tuzo saba za Oscar. Mwaka 1957 kampuni hiyo ilifunga idara yake ya vibonzo. Wawili hao wakageukia televisheni, ambayo ilitaka vipindi vingi kwa sehemu ndogo tu ya fedha walizozoea. Hawakuwa na njia ila kuokoa michoro. Mtazame dubu wao Yogi, aliyetokea mara ya kwanza mwaka 1958. Dubu hana haja ya kola na tai. Alivishwa hivyo kwa kuwa kola huficha mahali kichwa kinapokutana na kiwiliwili: kichwa kikawekwa katika tabaka lake, kikageuka na kusema, huku mwili ukikaa kwa mchoro mmoja. Wajapani nao walipita njia hiyo. Osamu Tezuka alipoanza kuonyesha Astro Boy tarehe 1 Januari 1963, kipindi cha nusu saa kila juma, wachoraji wake walikaa na mchoro mmoja kwa fremu tatu, wakatumia tuo nyingi, na wakaweka akiba ya michoro ya mhusika akiruka au akikimbia ili itumike tena katika vipindi vingine.

Naam, katika baadhi ya vipindi vya miaka ile umaskini ulionekana waziwazi. Mhusika alikimbia sebuleni akaupita mlango ule ule, taa ile ile na kiti kile kile mara sita, kana kwamba nyumba ina urefu wa mtaa. Lakini kabla ya hao wote, mwaka 1950, studio iliyoitwa UPA ilitoa filamu fupi Gerald McBoing-Boing, kisa cha mtoto ambaye badala ya maneno hutoa milio. (Mwanaisimu yeyote atanisamehe kwa kuipenda.) Mandhari yake ni rangi tupu na mistari michache, na wahusika husimama tuli mara nyingi. Filamu ile ilipata Oscar. Hakuna aliyeiona rahisi, kwa sababu kila kilichotulia kilitulizwa makusudi, na michoro iliyookolewa hapa ilitumiwa pale palipoihitaji. Kwangu mimi, hiyo ndiyo tofauti kati ya kuokoa na kubana.

Basi tulichagua onyesho moja la sekunde kumi tukalipanga upya. Bibi anakuja njiani, anasimama, anauona mlango wa nyumba yake uko wazi, anauliza, "Mbona mlango u wazi?" kisha anangoja jibu. Sekunde kumi ni fremu 240. Tulizigawa hivi: kutembea fremu 96, kusimama na kugeuka 24, kuutazama mlango 48, kusema 48, kungoja 24. Kwa kawaida ya mchoro mmoja kwa fremu mbili, onyesho zima lingedai michoro 120.

Tuanze na kutembea. Bibi ni mtu mzima, hana haraka. Tulimpa fremu 16 kwa kila hatua. Hatua mbili, ya mguu wa kulia na ya wa kushoto, hufanya mzunguko mmoja wa fremu 32, ambao ni michoro 16. Mzunguko huo ukirudiwa mara tatu, fremu 96 zimejaa. Michoro yenyewe haikuwa ya Bibi mzima. Kwa kuwa leso yake yafika chini ya magoti, tulichora upindo wa leso na miguu tu. Mikono, ambayo kwa mtembeaji wa kawaida hupishana na miguu na hivyo hudai michoro yake, tuliizuia kwa kikapu: Bibi amekishika kwa mikono miwili mbele yake. Kiwiliwili, kichwa na kikapu vikawa mchoro mmoja tu kwa sekunde zote nne, mchoro ambao ulipandishwa na kushushwa kidogo. Hapa pana kanuni isiyovunjwa: miguu inapoachana mwili hushuka, na mguu mmoja unapoupita mwingine mwili hupanda. Ukikosea ukaugeuza mpango huo, mtazamaji hatajua kosa li wapi lakini atasema Bibi anaelea.

Kosa ambalo karibu kila mwanagenzi hulifanya katika mzunguko ni kuufanya mchoro wa mwisho ufanane na wa kwanza, akidhani ndivyo duara linavyofungwa. Matokeo yake ni kwamba kaimu moja huonekana mara mbili mfululizo, na mwendo unasita kila unaporudi mwanzo. Mchoro wa 16 wapaswa kuwa mbali na wa kwanza kwa kadiri ile ile ambayo wa kwanza uko mbali na wa pili. Anayehesabu siku za juma anajua jambo hili bila kufundishwa: baada ya Jumapili huja Jumatatu, na hakuna anayeitaja Jumatatu mara mbili ili juma lifungike.

Kusimama na kugeuka hatukukuokoa hata kidogo. Michoro 12 kamili, Bibi mzima, kwa fremu 24. Hapo ndipo jambo jipya linatokea katika onyesho, na hapo ndipo jicho la mtazamaji lilipo. Niliwaambia wale vijana kwamba wakitaka kujua pa kutumia jasho lao, watafute mahali ambapo mhusika anabadili nia.

Baada ya hapo Bibi anautazama mlango. Mchoro wa mwisho wa kile kituo ndio uliokaa kwa fremu 48. Gharama yake ni sifuri.

Sasa tufike kwenye mdomo, ambao ndio uliowaleta kwangu. Vitabu vingi vya uhuishaji vina jedwali la maumbo ya kinywa, na majedwali hayo aghalabu yametungwa kwa ajili ya Kiingereza. Mwalimu wa Kiswahili ana bahati kubwa zaidi. Irabu zetu ni tano tu, na kila moja hutamkwa kwa umbo lake bila kuyumba. Kwa jicho la mtazamaji, e na i zaweza kugawana umbo moja la midomo iliyotandazwa, ijapokuwa e hufungua kinywa zaidi. Kwa konsonanti, ni zile zinazotamkwa kwa midomo tu ndizo zenye haki ya kuchorwa: m, b na p hufunga kinywa kabisa, f na v hukutanisha mdomo wa chini na meno ya juu, na w huviringa mithili ya u. Nyingine zote, kama n, l, z, t, k na ng, hutengenezwa ndani, na ulimi au kaakaa. Mtazamaji hazioni, kwa hiyo mchoraji asijisumbue nazo. Yamkini maumbo sita yatamtosha mhusika wa Kiswahili maisha yake yote: kinywa kilichofungwa, a, e pamoja na i, o, u pamoja na w, na umbo la f na v.

Jaribu katika sentensi ya Bibi. Mb ni kufunga. O ni mviringo. N hatuioni, tunapita moja kwa moja hadi a. Kisha m ya "mlango", ambayo ni silabi kamili na si mwanzo wa silabi tu, kwa hiyo kinywa lazima kifungwe na kikae. Halafu a, halafu o. U ya "u" na w ya "wazi" zina umbo moja, zikaunganishwa. Kisha a, na mwisho i. Maumbo matano yalitosha. F na v hazimo. Ugumu ulikuwa katika kugawa fremu. Wanafunzi walikuwa wamegawa sawasawa, fremu sita kwa kila silabi, na ndiyo sababu mdomo ulitafuna badala ya kusema. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, na silabi yenye mkazo hurefuka. Tulisikiliza sauti tuliyoirekodi, tukapima, tukapata mgawo huu: mb fremu 3, o 6, a 4, m 5, a ya "mla" 8, o 5, u na w 5, a ya "wa" 8, i 4. Jumla 48. Tazama jinsi a zenye mkazo zilivyopewa mara mbili ya ile ya "mbona", ambayo haina mkazo. Na kinywa kilichofungwa kisipewe kamwe chini ya fremu mbili, la sivyo jicho halikioni na mhusika ataonekana kama anasema "ona" badala ya "mbona". Shauri moja zaidi kutoka karakana ile ya zamani: mdomo utangulie sauti kwa fremu moja, au uende nayo sambamba, ukichelewa, hata kwa fremu mbili, kila mtu hutambua.

Mdomo huo uliwekwa katika tabaka lake juu ya uso uliotulia. Ukihesabu sasa utapata michoro 16 ya miguu, mmoja wa mwili, 12 ya kusimama, na mitano ya mdomo. Jumla 34, mahali pa 120. Vijana walifurahi, wakachora kwa siku nne, wakipachika karatasi juu ya kioo cha dirisha ili waone mchoro wa chini. Wakazipiga picha kwa simu, wakazipanga katika kompyuta.

Tukaionyesha kazi ile kwa mwalimu mwenzangu mmoja, mtu wa maneno machache. Aliitazama mara mbili. "Hii si filamu," akasema. "Hii ni picha iliyokwama." Mmoja wa wale wanafunzi alikusanya karatasi zake bila kunena neno, na niliona wazi kwamba alikuwa tayari kurudi kwenye michoro 216 na majuma 40, yaani kuiacha kazi.

Kwa hakika mwenzangu alikuwa amesema kweli. Tuliitazama tena bila sauti, na hiyo ndiyo njia bora ya kuijua tuo iliyokufa: sauti huficha mengi, ukiizima mauti hujitokeza. Dosari tulizoziona zilikuwa tatu, na hakuna hata moja iliyotokana na uchache wa michoro.

Ya kwanza ilikuwa katika kutembea. Mchoro wa saba ulikuwa na kisigino kilichonyanyuka kupita wenzake, labda milimita tatu. Katika mchoro mmoja usioonekana tena, dosari kama hiyo haina madhara. Ndani ya mzunguko ilirudi kila baada ya fremu 32, ikawa kama kwikwi. Hiyo ndiyo hatari ya kurudia: kosa nalo hurudiwa, na mtazamaji hulitambua kwa sababu ya wakati wake, si kwa ukubwa wake. Tuliurekebisha mchoro mmoja, kwikwi ikaisha. Hapo hapo tukaona pia kwamba nyayo zilikuwa zikiteleza ardhini. Bibi alikuwa akitembea katikati ya fremu na mandhari yakisogezwa nyuma yake, lakini walikuwa wameyasogeza kwa kukisia, sentimita moja kwa kila mchoro. Hatua ya Bibi kwenye karatasi ilikuwa sentimita sita, nayo ilichukua michoro minane. Mguu uliokanyaga ulirudi nyuma milimita saba na nusu kwa kila mchoro, na mandhari yalipaswa kurudi kwa kiasi hicho hicho, si zaidi. Kwa michoro 48 ya kutembea hiyo ni sentimita 36 za mandhari, ambazo walizichora mara moja kwa ukamilifu wake, bila mti uliojirudia.

Dosari ya pili ilikuwa katika kusimama. Kichwa, mwili, leso na kikapu vyote vilikoma katika fremu moja. Hakuna kiumbe asimamaye hivyo. Gari likifunga breki, abiria huendelea mbele kidogo kabla ya kurudi kitini. Walichora upya michoro mitatu ya mwisho, ili mwili ukome kwanza, kisha kikapu kiyumbe na kutulia, na upindo wa leso uwe wa mwisho kufika. Idadi haikubadilika, bali zile fremu 48 zilizofuata zilipata sababu: sasa Bibi alikuwa ametulia, ilhali hapo awali alikuwa amezimwa.

Ya tatu ndiyo iliyodai michoro mipya. Ile tuo ilikuwa bila pumzi. Waliongeza kope mbili: moja nusu imefumba, moja imefumba kabisa. Kupepesa kukawa nusu fremu mbili, kufumba fremu mbili, nusu tena fremu mbili. Mchoro wa nusu umetumika mara mbili. Tukakuweka pale macho ya Bibi yanapohamia mlangoni, maana ndivyo watu wafanyavyo wanapobadili wanachokitazama. Kisha wakaongeza pindo la leso likipeperushwa, michoro minne, kila mmoja fremu tatu, mzunguko wa fremu 12. Mwanzo waliuacha upepo uvume bila kukoma kwa fremu 120 hadi mwisho wa onyesho, mara kumi mfululizo, na leso ikaonekana kama pangaboi. Nikawashauri waupe upepo nao tuo. Leso ilipepea mara tatu Bibi akiutazama mlango, ikatulia fremu 12. Aliposema haikusogea kabisa, kwa kuwa jicho la mtazamaji lilikuwa mdomoni na halikupaswa kugombaniwa. Alipomaliza kusema na kungoja, ikapepea mara mbili tena. Leso hiyo hiyo, kwa kuzungushwa mabegani hadi shingoni, iliuficha mshono kati ya kichwa na kiwiliwili. Bibi wa Kenya alikuwa amepata kola ya Yogi pasipo yeyote kumshonea.

Sita na 34 ni 40. Thuluthi ya 120, na katika hiyo 40, kumi na mmoja ni vipande vidogo vya mdomo, kope na pindo ambavyo mtu huvichora asubuhi moja. Tena vipande hivyo havikutupwa. Katika onyesho la pili Bibi alipoondoka, miguu yake 16 ilikuwa tayari. Alipomwita mjukuu, ni umbo moja tu la mdomo lililopungua, lile la f na v, kwa sababu mtoto aliitwa Fatuma. Filamu yote ya dakika moja na nusu ilimalizika kwa michoro 310, juma moja kabla ya tarehe ya mwisho.

Si kila jambo huokolewa hivi, nami nisingetaka mwalimu anayesoma safu hii apeleke darasani tumaini la uongo. Mhusika anayeigeukia kamera huku akitembea hana mzunguko, kwa kuwa kila hatua yake ina ukubwa tofauti. Watu wawili wakishikana mweleka, matabaka hayasaidii kitu, maana viungo vyao hupishana kila fremu. Na kaimu iliyochorwa ovyo haifai kutuliwa hata kwa nusu sekunde: tuo humpa mtazamaji nafasi ya kukagua, naye ataona vidole sita. Wale vijana walikuwa na onyesho moja la namna hiyo, mbuzi anaporuka kutoka mlangoni na kumpita Bibi. Fremu 20, michoro 20, hakuna kilichorudiwa. Walikuwa na muda wa kuichora kwa sababu hawakuutumia kumchora Bibi akiwa amesimama.

Filamu ilionyeshwa shuleni ukutani, juu ya shuka, kwa watoto thelathini na kitu. Mwalimu mwenzangu alikuwapo, ameketi nyuma. Bibi akaja, akasimama, akatazama. "Mbona mlango u wazi?" Kisha zile fremu 24 za kungoja, ambazo ndani yake hakuna kinachosogea ila pindo la leso. Mtoto mmoja wa mstari wa mbele akajibu kwa sauti, "Mbuzi ameingia, Bibi!" na wenzake wakamuunga mkono, lakini jibu lao lilimezwa na mbuzi aliyekwisha kuruka. Baada ya kipindi wanafunzi wangu waliifungua kompyuta pale pale wakaongeza ile tuo kutoka fremu 24 hadi 60, leso ikapepea mara tano badala ya mbili. Hawakuchora hata mstari mmoja.